“The poor is” au “the poor are”? Mwongozo kamili wa kukagua sentensi moja ya Kiingereza

Meza yangu ya kuchapa iko ndani ya saiba moja hapa Mwembe Tayari, na riziki yangu kubwa ni barua za Kiingereza: za kuomba kazi, za kulalamikia bili, za vikundi vya akina mama vinavyoiandikia kaunti. Kosa ninalokutana nalo kila wiki si la tahajia. Ni hili la “the poor is” na “the elderly has”. Wanalifanya hata watu waliosoma vizuri, na lina sababu zake. Ukizijua sababu hizo, kanuni yenyewe haikupi shida ya kukariri.

Nitaifanya kazi yote kwa sentensi moja. Ilikuja na mama mmoja wa Likoni aliyevuka feri asubuhi na barua ya kikundi chake, wakiomba wahudumu wa afya wawatembelee wazee majumbani. Barua iliandikwa na mwanawe aliye sekondari, kisha ikapitiwa na jirani anayesifika mtaani kwa Kiingereza. Katikati ya ukurasa palikuwa na hii:

```
The elderly in our village depends on his neighbours, and the life of the poor who lives alone are very hard.
```

Sentensi ina makosa manne. Matatu ni ya kijana na moja ni la jirani, na hilo la jirani ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu, maana limetokana na kujua kanuni nusu.

Kwa nini sisi huteleza hapa

Kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki kwa wingi. Mtu mmoja ni “poor man” na watu kumi ni “poor men”. Neno “poor” limebaki vilevile. Sasa Kiingereza kina desturi ya kuliacha jina kabisa na kuweka “the” mbele ya kivumishi, na hapo kivumishi kinageuka kuwa jina la kundi zima la watu wenye sifa hiyo: “the poor” ni maskini wote, “the elderly” ni wazee wote, na vivyo hivyo “the sick”, “the blind”, “the unemployed”, “the injured”, “the dead”. Kundi hilo daima ni wingi, na kitenzi chake ni cha wingi. Lakini neno lenyewe haliongezwi kitu. Hakuna “the poors” wala “the elderlies”, na huwezi kusema “a poor” ukimaanisha maskini mmoja.

Jicho la Mswahili limezoea kuona alama. Mzee, wazee, mgonjwa, wagonjwa. Likikutana na “the elderly” bila alama yoyote, linaamua huyu ni mmoja. Ajabu ni kwamba sisi wenyewe tuna neno la namna hiyohiyo: maskini. Maskini huyu analia, maskini hawa wanalia. Neno halikubadilika, na hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu a- na wa- za kitenzi zinatuambia kila kitu. Kiingereza nacho huonyesha kwenye kitenzi, ila kwa alama inayomchanganya mwanafunzi: katika wakati uliopo, “s” ya kitenzi ni ya umoja. Mtoto aliyefundishwa kwamba “s” ni wingi kwenye majina huiona “the poor lives” akadhani tayari ameshaweka wingi.

Sababu ya pili imejificha zaidi, nami nadhani ndiyo yenye nguvu. Sisi tukitaka kusema jambo la kundi zima hupenda kulisema kwa mtu mmoja. Mnyonge hana haki. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hatumzungumzii mnyonge fulani wa Kisauni. Ni wanyonge wote, ila tumewasimamisha kwa mmoja wao. Mtu aliyekulia ndani ya lugha hiyo akigeukia Kiingereza huandika “The weak has no rights”, na kwake inasikika sawa kabisa. Kiingereza, kikitumia “the” na kivumishi peke yake, hakiendi njia hiyo. Kinawasimamisha wote kwa pamoja: “The weak have no rights.” Kwa hiyo kijana wa Likoni alipoandika “depends on his neighbours” hakuwa mzembe. Alifikiri kwa Kiswahili kizuri akaandika kwa Kiingereza.

Hatua ya 1: tafuta “the” iliyoachwa na kivumishi bila jina

Chukua kalamu, au kama barua iko kwenye kompyuta bonyeza Ctrl+F uandike `the`, kisha uitazame moja baada ya nyingine. Kila unapoiona, soma maneno yanayofuata mpaka ufikie jina. Ukilifikia, hapo hapana shida: “the elderly man” ni mzee mmoja, “the poor families” ni familia maskini, na kitenzi kinafuata “man” au “families” kama kawaida.

Unachokitafuta ni pale unapofika kwenye kivumishi, na mbele yake si jina bali ni kitenzi, au kiunganishi, au neno kama “in”, “of”, “who”. Katika sentensi yetu “the elderly” inafuatwa na “in”, na “the poor” inafuatwa na “who”. Hizo mbili nizipigie mstari. “The life” haina shida, kwa kuwa “life” ni jina.

Angalia pia kwamba kati ya “the” na kivumishi panaweza kukaa neno jingine na mambo yasibadilike. “The very poor” na “the urban poor” ni makundi yaleyale ya watu, nayo ni wingi.

Hatua ya 2: tia “people” uone kama maana imebaki

Hiki ndicho kipimo chenyewe. Baada ya kivumishi, ongeza neno “people” kisha usome tena. “The elderly people in our village…” Maana haikuondoka mahali pake: bado ni wazee wa kijijini. “The poor people who…” Bado ni maskini. Basi yote mawili ni wingi, kitenzi kisiwe na “s”, na badala ya “is” iwe “are”, badala ya “has” iwe “have”, badala ya “does not” iwe “do not”.

Nikiwa na haraka hufanya kwa Kiswahili. Naisoma sentensi kimoyomoyo kwa wa-: wazee wa kijijini kwetu wanategemea, maskini wanaoishi. Lakini tahadhari: kipimo hiki cha Kiswahili unakilazimisha wewe, maana ulimi wenyewe, kama tulivyoona, unaweza kukuletea “mzee hutegemea” ukadhani umepima.

Yako maneno yanayoshindwa kwenye kipimo cha “people”, na hapo ndipo utajua umefika kwenye mpaka wa kanuni. La kwanza ni la vitu visivyo watu. “The impossible”, “the unknown”, “the inevitable” si kundi la watu. Ni jambo lisilowezekana, jambo lisilojulikana, jambo lisiloepukika. Ukisema “the impossible people” umeshahamia kwa watu wakorofi. Hayo huchukua umoja: “The unknown is frightening.”

La pili hutuhusu sana sisi wa barua, kwa sababu linatoka mahakamani na misibani. “The accused” ni mshtakiwa na “the deceased” ni marehemu, na maneno haya yanaweza kuwa ya mtu mmoja au ya wengi. Marehemu akiwa mmoja utaandika “The deceased was a resident of Kisauni.” Wakiwa ndugu wawili waliokufa pamoja, “The deceased were brothers.” Hapa usiulize sarufi. Uliza ni nani aliyekufa. Nimeshaona barua ya kuomba kibali cha mazishi imeandikwa “the deceased were” kwa maiti mmoja, na karani akauliza mwingine yuko wapi.

Majina ya mataifa yana mgawanyiko wao. Yale yanayoishia kama “Chinese”, “British” na “French” hufuata kanuni ya “the poor”: “The Chinese were building the railway.” Lakini “Kenyan” ni jina kamili linalopokea “s”, hivyo ni “the Kenyans”. Na sisi wenyewe? “The Swahili are” tukiwa watu, “Swahili is” ikiwa ni lugha, na lugha haivai “the”.

Hatua ya 3: uliza kitenzi ni cha nani

Hii nitaipa nafasi zaidi, kwa sababu hapa ndipo jirani alipoanguka. Yeye alijua kwamba “the poor” ni wingi. Akashuka na sentensi, akaiona “poor”, akaona kitenzi “is” upande wa pili, akakifuta akaweka “are”. Kule mwanzoni, kwenye “depends”, hakuona “is” ya kufuta, akapita.

Nilimwuliza yule mama, “Mama, hebu niambie kwa Kiswahili, ni nini kigumu hapa?”

“Maisha, mwanangu.”

“Si maskini?”

“Maskini si wagumu. Maisha ndiyo magumu.”

Jibu lake ndilo uchambuzi wote. Kitenzi cha mwisho si cha maskini, ni cha “the life”. Maskini wameingia pale baada ya “of” kueleza ni maisha ya nani. Kitenzi cha Kiingereza hakimfuati jirani yake wa karibu. Kinamfuata mwenye kikundi cha maneno, yaani jina linalokiongoza, na mara nyingi mwenye kikundi amekaa mbali, kabla ya “of”.

Namna ya kumpata ni kukifunika kikundi kizima kwa kidole na kuweka kiwakilishi badala yake. Anza pale kikundi kinapoanza, “the life”, na uishie kabla ya kitenzi chenyewe. Maneno uliyoyafunika ni `the life of the poor who lives alone`. Je, badala yake utaweka “it” au “they”? Maisha haya ni jambo moja, kwa hiyo “it”, na baada ya “it” ni “is”. Sasa fanya hivyo kwa kikundi cha kwanza: `the elderly in our village`. Hao ni watu, kwa hiyo “they”, na baada ya “they” ni “depend”. Neno “village” lililo karibu na kitenzi lisikubabaishe kwa umoja wake. Limekuja baada ya “in”, halina kitenzi.

Kuna mtego mwingine wa kwetu hapa. “Maisha” kwa Kiswahili yana upatanisho wa wingi: maisha ni magumu, maisha yanapanda. Kwa hiyo hata aliyemtambua mwenye kitenzi anaweza kuandika “life are” kwa kuifuata ma- yetu. “Life” ni umoja. Ukitaka wingi uandike “the lives of the poor”, na hapo “are” inarudi kwa haki, ila imeletwa na “lives”, si na “poor”.

Sentensi za namna hii zimejaa kwenye maombi ya ufadhili. “The number of the unemployed is rising”, kwa kuwa kinachopanda ni idadi. “Caring for the elderly is expensive”, kwa kuwa kilicho ghali ni kutunza. “One of the injured was taken home”, kwa kuwa aliyepelekwa ni mmoja. Ukiona “of” au “for” kabla ya “the elderly”, simama hapo kabla hujagusa kitenzi.

Hatua ya 4: “who” haina wingi wake yenyewe

Ndani ya “the poor who lives alone” kuna kitenzi kidogo kinachosahauliwa. “Who” huazima umoja au wingi kutoka kwa neno inaloliwakilisha, kama vile -ye- na -o- zetu zinavyofuata jina: maskini anayeishi, maskini wanaoishi. Hapa inawawakilisha maskini wote, hivyo ni “who live”. Kosa hili husalimika hata kwa watu waangalifu, kwa sababu wakishasahihisha kitenzi kikubwa wanajiona wamemaliza. Mimi hulitafuta peke yake: kila penye “who” naangalia nyuma, halafu mbele.

Hatua ya 5: viwakilishi vifuate

Wazee wakishakuwa “they”, majirani hawawezi kuwa “his”. Wanakuwa “their neighbours”. Hatua hii ni fupi lakini ina faida moja kubwa. Katika wakati uliopita kosa la kitenzi hujificha, kwa maana “The poor suffered” ni ileile kwa umoja na wingi, isipokuwa utumie “was” na “were”. Vivyo hivyo kwa “can” na “will”, ambazo hazibadiliki. Hapo “his”, “he” na “him” ndizo zitakazokuonyesha kwamba mwandishi alikuwa na mtu mmoja kichwani.

Na umiliki wenyewe uandikwe kwa “of”. “The poor’s children” haikai vizuri katika Kiingereza. Andika “the children of the poor”.

Sentensi baada ya kukaguliwa

```
The elderly in our village depend on their neighbours, and the life of the poor who live alone is very hard.
```

Maneno manne yamebadilika: “depends” imekuwa “depend”, “his” imekuwa “their”, “lives” imekuwa “live”, na “are” imerudi kuwa “is”. Isome kwa sauti ukifunika vikundi viwili kwa kidole: they depend, it is. Ikipita hivyo, imepita.

Je, utumie “the elderly” hata hivyo?

Hili ni suala la adabu zaidi ya sarufi, lakini wateja huniuliza. Wapo wahariri wasiopenda kuwaita watu kwa “the” na sifa moja, kwa hoja kwamba inawafuta utu wao. Mnamo Januari 2023 shirika la habari la Associated Press lilishauri kwenye mtandao waandishi waepuke maneno ya namna hiyo, likataja “the poor” na, kwa bahati mbaya, “the French”. Likachekwa hadi likaomba radhi kwa hilo la Wafaransa. Ushauri kuhusu maskini na wazee, hata hivyo, una wengi wanaoufuata.

Kwa barua ya kwenda serikalini mimi napendelea lugha ya Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 57 kinawataja “older members of society” na “older persons”. Zaidi ya heshima, “persons” ina “s” inayoonekana, na mwandishi akiiona hataweka “is” baada yake. Kwa anayeogopa kuteleza, hilo ni daraja salama. Ila asiandike “the elders” akidhani ni jambo lilelile: kwa Kiingereza cha hapa Kenya hao hueleweka kuwa wazee wa mtaa au wa baraza, na afisa anaweza kudhani mnamwombea balozi wa nyumba kumi huduma ya nyumbani.

Yule mama alitaka “the elderly” ibaki, kwa sababu ndivyo kikundi kilivyokubaliana. Ikabaki. Alipoiona “is” imerudi mahali jirani alipoifuta, akavua miwani.

“Lakini si umesema maskini ni wengi?”

“Wengi, mama. Kidole chako kiweke hapa, kwenye ‘the life’.”

Akakiweka, akakisogeza taratibu mpaka kwenye kitenzi, akaguna. Kisha akageuza ukurasa wa pili, ambao nilikuwa bado sijausoma, akasimama kwenye mstari ulioandikwa “The sick does not get medicine.” Akaniomba kalamu.

“Hapa hamna maisha,” akasema. “Hapa ni wagonjwa wenyewe.” Akakata “does” akaandika “do” juu yake.

Chini yake palikuwa na “The cost of treating the sick are high.” Akakifunika kikundi chote kwa kidole, akabaki anafikiri, na foleni nyuma yake ikaanza kulalamika.